Risiti ya 34,600 imeandika VAT 3,600: hiyo 18% imekwenda wapi?

KaraniMdogo (#1)

Habari zenu wakuu. Natunza vitabu vya kampuni ndogo ya usafi hapa Dar. Bosi kaniagiza kila risiti ya manunuzi niitoe VAT yake na kuiweka kwenye safu ya peke yake. Bei za kwenye rafu zinakuwa zimeshabeba kodi ndani, kwa hiyo inabidi nirudi kinyumenyume. Risiti nyingi ni za mistari miwili mitatu na nilikuwa nakwenda nazo vizuri tu, au nilidhani hivyo, mpaka jana nilipokutana na hii ya supamaketi:

```
SABUNI YA UNGA      13,500.00
DAWA YA MENO         4,100.00
LOSHENI              6,000.00
MAYAI TREI 1        11,000.00

TOTAL EXCL OF TAX   31,000.00
TOTAL TAX            3,600.00
TOTAL INCL OF TAX   34,600.00
```

Mimi nilichukua 34,600 nikaizidisha kwa 18%, nikapata 6,228. Mashine inasema 3,600. Tofauti ni zaidi ya elfu mbili na mia sita. Nani kakosea, mimi au mashine? Na kama ni mimi, basi safu nzima ya mwezi huu imeharibika.

Mzee wa Leja (#2)

Umekosea wewe, ila kosa lako la kwanza ni la watu wengi. Ile 18% haikuwekwa juu ya 34,600. Iliwekwa juu ya bei ya muuzaji kabla ya kodi. Kitu cha shilingi 100 kinawekewa 18 juu yake, kinapanda rafuni kikiwa 118. Wewe unakutana nacho kikiwa tayari 118. Ukitaka kujua ile 18 iliyomo, unagawa kwa 118 kisha unazidisha kwa 18. Ukichukua 18% ya 118 utapata 21.24, na hizo 3.24 za ziada hakuna aliyekutoza, umezitengeneza kwenye kikokotoo chako.

Anza na hilo. Halafu rudi na jibu jipya.

KaraniMdogo (#3)

Ahsante mzee. Nimefanya: 34,600 × 18 ÷ 118 = 5,277.97. Bado haifiki 3,600. Sasa nimekosea wapi tena?

Dogo Kikokotoo (#4)

Mashine imepunja, na ushahidi uko kwenye risiti yenyewe. Imeandika bei bila kodi ni 31,000. Piga 31,000 × 18% utapata 5,580. Hapo sijarudi kinyume wala nini, nimekwenda mbele kama sheria inavyotaka, na bado 3,600 haitoki. Duka hilo linakula kodi ya serikali.

Fundi EFD (#5)

Dogo usiwape watu wa watu kesi. Angalia mstari wa nne. Mayai.

Mayai mabichi yamesamehewa VAT. Kwenye mashine kila bidhaa inapangiwa herufi: zinazotozwa 18% zinakaa A, zilizosamehewa zinakaa E. Hiyo 31,000 ni mchanganyiko wa vitu viwili, thamani ya sabuni na wenzake bila kodi, pamoja na bei nzima ya trei ya mayai ambayo haina kodi ndani. Huwezi kuipiga 18% yote.

KaraniMdogo, toa 11,000 za mayai kwanza. Zinabaki 23,600. Sasa fanya alivyokuambia Mzee wa Leja kwenye #2.

KaraniMdogo (#6)

23,600 × 18 ÷ 118 = 3,600 kamili!! Na 20,000 + 11,000 = 31,000. Jamani nimekaa na karatasi hii tangu saa kumi jana.

Kwa hiyo kila risiti lazima nitenganishe bidhaa kabla ya kugawa? Nina risiti mia na kitu hapa.

MamaPili wa Mbagala (#7)

Samahani ndugu zangu, hapa kidogo nimepotea. Kumbe kwenye sabuni yangu ya elfu kumi na tatu kuna kodi elfu mbili ndani? Naenda kuidai wapi? Nina mfuko mzima wa risiti nyumbani, nimezitunza tangu mwaka jana kwa sababu tunaambiwa tudai risiti.

Mzee wa Leja (#8)

MamaPili, sabuni ya nyumbani hairudishiwi dada yangu. Sisi walaji wa mwisho ndio tunaibeba. Anayeweza kuitoa kwenye hesabu zake ni mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, kwa manunuzi ya biashara yake. Risiti unaidai ili muuzaji aipeleke ile 18 aliyokutoza.

KaraniMdogo, usitenganishe kwa kukisia. Kama risiti imechapwa vizuri ina herufi kwenye kila bidhaa, au chini ina mstari wa TAX A peke yake. Pale penye TAX A nakili tu, mashine imeshakufanyia kazi. Kugawa kwa 118 ni kwa kuhakiki, au pale wino ulipofifia. Hizo karatasi za EFD ukizisahau kwenye dashibodi ya gari wiki moja zinageuka nyeupe.

Mwenye Duka Kariakoo (#9)

Uzi huu ungekuja mwaka juzi ungeniokoa pesa. Mimi nilifanya kosa la #1 upande wa muuzaji, na huko linauma zaidi.

Nilikuwa nauza vyombo vya plastiki, bei zote rafuni zimejumlisha kodi. Mwezi mmoja mauzo yalifika 9,440,000. Kijana wangu wa hesabu akachukua 18% ya hiyo, akapata 1,699,200, tukajaza ritani hivyo na kulipa hivyo. Alipokuja mhasibu wa kweli akaniuliza, hizi milioni tisa na laki nne ni pamoja na kodi au bila? Nikamwambia pamoja. Akagawa kwa 118, ikatoka 80,000. Mara 18 ni 1,440,000. Yaani nilitoa 259,200 mfukoni kwangu kwa kodi ambayo mteja hakunilipa. Mauzo yangu halisi yalikuwa 8,000,000.

Halafu kijana alifanya hivyo hivyo kwenye manunuzi, ambako ilikuwa inanipa kodi kubwa kuliko niliyolipa. Kosa moja linaficha jingine. Ukiangalia juu juu unaona mambo yanaelekea kulingana.

Dogo Kikokotoo (#10)

Sawa, kwenye mayai nimekubali. Ila hizi hesabu za kugawa na kuzidisha zinachosha, kuna njia ya mkato. Gawa bei kwa 6.56, VAT imetoka. 23,600 ÷ 6.56 = 3,597.56. Karibu kabisa.

Mzee wa Leja (#11)

"Karibu kabisa" kwenye risiti moja ni shilingi mbili na senti. Chukua mauzo ya Mwenye Duka hapo juu: 9,440,000 ÷ 6.56 inatoa 1,439,024.39. Umepoteza shilingi 975 na zaidi kwa mwezi mmoja, na ukiulizwa zimekwenda wapi huna jibu. 118 ukiigawa kwa 18 inatoka 6.5555 isiyoisha. Ukitaka mkato salama tumia 9 juu ya 59, ni ile ile 18 juu ya 118 iliyopunguzwa kwa nusu. Zidisha kwa 9, gawa kwa 59. Hakuna kilichomegwa.

Dogo Kikokotoo (#12)

9 na 59 nimeipenda. Nimeiandika nyuma ya simu.

Jirani wa Sinza (#13)

Mimi huwa napunguza 18% kwenye bei. Kitu cha 11,800, natoa 18% inabaki 9,676. Hiyo ndiyo bei bila kodi. Mbona rahisi?

Mwenye Duka Kariakoo (#14)

Jirani, chukua hiyo 9,676 uipandishie 18% tena. Utapata 11,417.68. Mbona hujarudi kwenye 11,800? Bei sahihi bila kodi ni 10,000. Kipimo ni hicho tu: ukishuka, panda tena, usipofika pale ulipoanzia, ngazi uliyoshukia siyo.

Mwanaharakati wa Simu (#15)

Kuna jambo mnaliruka. Hotuba ya bajeti ya Juni 2025 ilipendekeza VAT ya 16% kwa mnunuzi asiyesajiliwa anayelipa kwa benki au kwa njia ya kielektroniki. Kama KaraniMdogo alilipa kwa simu, si ajabu kodi imepungua. Sababu ya 3,600 inaweza kuwa hiyo, na siyo mayai.

Fundi EFD (#16)

Pigia hesabu kabla ya kuleta, mkuu. 23,600 kwa 16 juu ya 116 ni 3,255.17. Kwa 34,600 nzima ni kubwa zaidi, 4,772.41. Hakuna inayofika 3,600. Ya 18 juu ya 118 bila mayai imefika mpaka senti.

Ila hoja yako ina funzo kwa kazi ya karani: kiwango unakisoma kwenye risiti, hukitoi kichwani. Imeandikwa 18.00 unagawa kwa 118, imeandikwa 16.00 unagawa kwa 116.

Mtoto wa Unguja (#17)

Na huku kwetu Zanzibar ni 15%, mnatusahau kila siku. Gawa kwa 115. Au 3 juu ya 23, kwa kuwa mnapenda mkato. Kitu cha 23,000 kina kodi 3,000 ndani yake. Kampuni yenye tawi Dar na Unguja isichanganye risiti kwenye jedwali moja, ofisini kwetu ilishatokea na tulifukua makaratasi siku tatu.

KaraniMdogo (#18)

Wakuu nashukuru sana, ila nimerudi na jambo jingine. Nimetengeneza jedwali kwenye Excel, kila bidhaa mstari wake. Safu ya B nimeweka bei, safu ya C nimeweka hii:

```
=ROUND(B2*18/118,2)
```

Sabuni imetoa 2,059.32. Dawa ya meno 625.42. Losheni 915.25. Nikijumlisha napata 3,599.99. Mashine ina 3,600.00. Senti moja. Bosi wangu ni mtu wa kuuliza senti.

Fundi EFD (#19)

Hiyo senti ni ya kukatisha desimali mara tatu. Sabuni kwa kweli ni 2,059.322 na kuendelea, dawa ya meno 625.423, losheni 915.254. Kila mstari umeacha kijipande chini, na vijipande vitatu vikikutana vinafanya senti nzima. Mashine yenyewe inajumlisha kwanza bei zote za herufi A, inapata 23,600, ndipo inatoa kodi mara moja.

Fanya hivyo hivyo. Jumlisha kwanza, kata desimali mwisho.

Mhasibu wa Moshi (#20)

Fundi, hapo sikubaliani nawe kwa asilimia zote. Nimeshika risiti za wauzaji tofauti ambazo ukijumlisha mstari kwa mstari ndipo unapata TOTAL TAX yake, na ukitoa kwenye jumla unakosa senti. Nadhani inategemea mfumo wa mauzo uliounganishwa na mashine. Wengine programu yao inakokotoa kodi ya kila bidhaa kwanza ndipo inapeleka.

Fundi EFD (#21)

Mashine nilizofunga mimi zote zinatoa kwenye jumla ya herufi. Za kuunganishwa na kompyuta sijazifunga nyingi, hilo nakubali.

Mzee wa Leja (#22)

Nimefanya kazi hii muda mrefu na zote mbili nimeziona. Karani, usipoteze usiku wako kwa hilo. Andika tarakimu iliyochapwa na mashine, kwa sababu ndiyo aliyoitangaza muuzaji. Hesabu yako iweke safu ya pembeni kwa kulinganisha. Ikipishana senti moja au mbili, ni desimali. Ikipishana mamia, kuna bidhaa iliyosamehewa au kiwango kingine. Tofauti kubwa ndiyo ya kufuatilia.

Msafiri wa Kisumu (#23)

Habari za Tanzania. Nafuatilia kutoka Kenya, kwetu ni 16%, kwa hiyo 16 juu ya 116, au 4 juu ya 29. Bidhaa ya shilingi 580 ina kodi ya 80. Unga wa ugali na mkate wa kawaida ni 0%, kwa hiyo hata sisi tuna mayai yetu ya kutoa kando.

Mtu akikagua risiti za kale pia aangalie tarehe. Kuanzia Aprili 2020 mpaka mwisho wa mwaka huo tulikuwa kwenye 14%. Risiti ya Novemba 2020 ya 1,140 ina kodi 140. Ukiigawa kwa 116 utapata 157 na kitu, na ndivyo nilivyofanya nikaaibika mbele ya mkaguzi.

Lakini iliyonishinda mimi ni ya mkahawa. Bili ilikuwa 1,180. Nikatoa 16 juu ya 116, nikapata 162.76. Risiti imeandika VAT 160.

Mhasibu wa Moshi (#24)

Kuna tozo nyingine humo. Soma mistari ya chini.

Msafiri wa Kisumu (#25)

Ndiyo, kuna CTL 2%, imeandikwa 20. Kumbe chakula chenyewe ni 1,000, juu yake 160 na 20. Kwa hiyo ya kugawia ni 118, na ya kuzidishia inabaki 16! Ninyi 118 yenu ni ya VAT tupu, yetu ya mkahawani ni ya ndugu wawili.

Dogo Kikokotoo (#26)

Swali la haki: kwa nini VAT isitozwe na juu ya hiyo tozo ya 2%? Bia na soda mbona ushuru wa bidhaa unaingia kwanza, halafu VAT inakuja juu ya vyote?

Mzee wa Leja (#27)

Swali zuri. Kwa bia uko sahihi, ushuru wa bidhaa umo ndani ya thamani inayotozwa VAT. Ndiyo maana kwenye chupa ya bia unaweza kuitoa VAT kwa 18 juu ya 118 ukapata jibu, ila ushuru wenyewe huwezi kuutoa kwa bei ya rafuni, kwa sababu unahesabiwa kwa lita huko kiwandani, haufuati bei ya baa. Ya tozo ya mkahawa Kenya niwaachie wenyewe.

Msafiri wa Kisumu (#28)

Mimi nasema ni kwa sababu tozo ile muuzaji anaikusanya tu kwa niaba ya mfuko wa utalii, si mapato yake. Mwenzangu ofisini anasema ni mpangilio wa mashine tu. Tumebishana mpaka chai ikapoa.

Mama Ntilie Mstaafu (#29)

Mimi nina langu. Nilikuwa nanunulia duka moja la jumla, risiti za EFD safi kabisa, QR inasoma. Kijana aliyenisaidia hesabu za kampuni ya mwanangu akatoa 18 juu ya 118 kwenye risiti zote. Zikakataliwa. Kumbe duka lile halijasajiliwa VAT.

Mhasibu wa Moshi (#30)

Pole mama. Hilo linawakuta wengi, maana mtu akiona EFD anadhani ni VAT. Mashine ya EFD anakuwa nayo hata asiyetoza VAT. Kiwango cha kusajiliwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023, na maduka mengi ya mtaani hayafiki. Angalia juu ya risiti penye VRN, namba ya usajili wa VAT. Kama hakuna namba pale, bei ya rafuni haina VAT ndani na hakuna cha kutoa. Ukigawa kwa 118 unatoa kodi isiyokuwepo.

KaraniMdogo (#31)

Nimepita mfuko mzima sasa hivi. Risiti 112. Zisizo na namba ya VRN ni 37, na zote nilikuwa nimezitoa kodi. Nazifuta leo usiku.

Jirani wa Sinza (#32)

Na lile duka linaloandika 5,000 rafuni, ukifika kaunta keshia anasema 5,900 "bado VAT"? Lilinikuta juzi kwenye vifaa vya umeme. Hapo natoa au naongeza?

Mwenye Duka Kariakoo (#33)

Hapo ulipe 5,000 au uache kitu. Bei ya rafuni ndiyo bei.

Mhasibu wa Moshi (#34)

Inategemea kibao kilisemaje. Wauzaji wa jumla wengi wananukuu bila VAT kwa sababu wateja wao ni wafanyabiashara, na wanaandika hivyo ukutani. Kwa mteja wa kawaida ambaye hakuonyeshwa chochote, ningegoma.

Jirani wa Sinza (#35)

Kibao kilikuwepo, nyuma ya feni. Nilikiona nikiwa natoka.

Mwenye Duka Kariakoo (#36)

Kibao cha nyuma ya feni si kibao.

KaraniMdogo (#37)

Jirani, risiti yenyewe unayo? Kama imechapwa TAX A 900 na jumla 5,900, basi VAT iliyomo ni 900 vyovyote iwavyo, 5,900 kwa 9 juu ya 59. Kama imechapwa jumla 5,000 na wewe ulitoa 5,900, hiyo 900 haimo kwenye karatasi yoyote.

Jirani wa Sinza (#38)

Ngoja niitafute kwenye mfuko wa suruali.